Riba ya Mkopo wa Rafiki: Kodi Yake na Maandishi Yanayokulinda

Rafiki yako ana cherehani mbili na oda za sare za shule zimemzidi. Anahitaji milioni 6 anunue mashine ya kudarizi na vitambaa, benki imemzungusha, na wewe una akiba yako imelala. Mnakubaliana: utampa milioni 6, atarudisha kidogo kidogo kwa mwaka mmoja, na juu yake ataongeza kitu. Mnapeana mikono, unamtumia fedha kwa simu, basi.

Kile kitu cha juu, kwa macho ya sheria ya Tanzania, ni riba, na riba ni kipato chako. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inaihesabu kuwa mapato ya uwekezaji, pamoja na gawio la hisa na kodi ya pango. Haijali kama aliyekulipa ni benki au ni shoga yako wa miaka 20. Watu wengi hudhani kodi ya riba ni mambo ya benki na taasisi za mikopo, na kwamba fedha zinazopita kati ya marafiki wawili hazimhusu mtu mwingine. Makala hii inaeleza, kwa msomaji wa Tanzania Bara, ni nini hasa kinatozwa, nani anakilipa na lini, na kwa nini karatasi moja iliyoandikwa vizuri ndiyo inayoamua utalipa kodi kiasi gani.

Kinachotozwa ni kile kilichozidi

Tuanze na jambo linalowatia watu hofu bure. Fedha zako ulizokopesha zikirudi, hazitozwi kodi. Milioni 6 ilikuwa yako kabla ya kutoka na ni yako ilivyorudi. Hujapata kitu kipya. Kinachotozwa ni kile kilichozidi.

Lakini hicho kilichozidi kina mipaka mipana kuliko watu wanavyofikiri. Sheria haiangalii jina mlilokipa. Malipo yoyote yanayotolewa kwa sababu ya deni na ambayo hayapunguzi deni la msingi yanahesabiwa kuwa riba. Ukimwambia rafiki, "Chukua milioni 5, mwezi wa sita unirudishie milioni 6," hiyo milioni moja ni riba hata kama neno riba halikutamkwa. Faini ya kuchelewesha rejesho nayo ni riba. "Asante" mliyokubaliana tangu mwanzo ni riba. Hata gunia la mchele linaloletwa kila baada ya mavuno kwa makubaliano ya mkopo lina thamani yake sokoni, na thamani hiyo ni kipato.

Kinyume chake, mkopo wa rafiki usio na riba hauna kipato ndani yake, kwa hiyo hauna kodi ya mapato. Wasomaji wengi, hasa Waislamu, hukopesha kwa njia hiyo tu kwa sababu dini yao imekataza riba. Kwao sehemu ya kodi ni fupi, lakini sehemu ya maandishi inawahusu sawasawa na wengine: aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, inaagiza deni la muda maalumu liandikwe na lishuhudiwe.

Rafiki ameitumia fedha wapi?

Hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Tanzania kuna kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba. Maana yake, anayelipa riba anakata asilimia 10, anaipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), na anayelipwa anapata kilichobaki. Benki yako hufanya hivyo kwenye akaunti yako ya muda maalumu bila kukuuliza, na kwa mtu binafsi mkazi wa nchini kodi hiyo ya amana ya benki ndiyo ya mwisho: ikishakatwa, umemaliza.

Riba ya rafiki haiendi hivyo, kwa sababu mbili.

Kwanza, mtu binafsi anayelipa riba halazimiki kukata kodi ya zuio isipokuwa malipo hayo yanahusiana na biashara anayoifanya. Kama rafiki yako alikopa kulipa ada ya mtoto, kumalizia paa la nyumba anayoishi au kugharimia matibabu, anakulipa riba yako yote bila kukata chochote. Kama alikopa kununua mashine ya kushonea nguo za wateja, riba anayokulipa ni malipo ya biashara. Hapo anatakiwa akate asilimia 10 na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, kisha akupe cheti cha kodi ya zuio.

Pili, kodi hiyo ya zuio, hata ikikatwa, siyo ya mwisho kwako. Riba unayolipwa na rafiki inaunganishwa na mapato yako mengine ya mwaka, inatozwa kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi, kisha ile asilimia 10 iliyokwisha kukatwa inatolewa kwenye kodi unayodaiwa. Ndiyo maana cheti kile kina thamani ya fedha. Bila cheti huna cha kuionyesha TRA, na unaweza kujikuta umelipa mara mbili: mara moja kupitia kwa rafiki na mara ya pili mwenyewe.

Kwa hiyo mstari mmoja kwenye mkataba, ule unaosema mkopo ni wa nini, unaamua nani atashika kazi ya kwanza ya kodi. Usiuache wazi.

Hesabu ya mwalimu na fundi

Tuchukue mfano kamili. Mkopeshaji ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Mshahara wake, baada ya kuondoa mchango wa hifadhi ya jamii, ni shilingi 850,000 kwa mwezi. Mkopaji ni rafiki yake fundi cherehani. Mkopo ni shilingi 6,000,000, unatolewa mwanzoni mwa Januari 2025 na kurejeshwa kwa miezi 12. Kila mwisho wa mwezi fundi anapunguza deni la msingi kwa shilingi 500,000 na kulipa riba ya asilimia 1.5 ya salio la deni.

Neno "salio" hapo lina uzito. Mwezi wa kwanza deni ni milioni 6, riba ni 90,000. Mwezi wa pili deni ni milioni 5.5, riba ni 82,500. Inateremka hivyo hivyo hadi Desemba, ambapo deni ni 500,000 na riba ni 7,500. Jumla ya riba ya mwaka mzima ni shilingi 585,000. Kama mkataba ungesema tu "asilimia 1.5 kwa mwezi", mwalimu angeweza kudai 90,000 kila mwezi mpaka mwisho, yaani shilingi 1,080,000, na fundi angeona amedhulumiwa. Tofauti ya karibu nusu milioni imetokana na kuacha maneno mawili, "ya salio". Marafiki wengi waliokosana kwa ajili ya mkopo walianzia hapo: kila mmoja alikuwa na hesabu yake kichwani na hakuna aliyekuwa mwongo.

Sasa kodi. Kwa mkazi wa Tanzania Bara, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 kinatozwa asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi milioni moja asilimia 25, na kinachozidi milioni moja asilimia 30. Kwa mwaka, ngazi ya asilimia 25 ni ya kuanzia 9,120,000 hadi 12,000,000.

Mshahara wa mwalimu kwa mwaka ni 10,200,000. Tayari mwajiri amemkata kodi ya Lipa Kadri Unavyopata ya shilingi 90,500 kila mwezi, sawa na 1,086,000 kwa mwaka. Ukiongeza riba ya 585,000, mapato yake yanafika 10,785,000, bado yakiwa ndani ya ngazi ile ile ya asilimia 25. Kodi ya mapato yote hayo ni 1,232,250. Ondoa ile iliyokwisha kukatwa kwenye mshahara, inabaki 146,250. Hiyo ndiyo kodi ya riba yake: robo ya 585,000.

Kwa kuwa fundi aliitumia fedha kwenye biashara, alitakiwa kukata asilimia 10, yaani jumla ya 58,500 kwa mwaka, na kumpa mwalimu vyeti. Mwalimu akiwa na vyeti hivyo mkononi, anabaki kudaiwa 87,750 tu. Baada ya kodi yote, faida yake halisi ni 438,750. Hii ndiyo namba ya kuiangalia kabla ya kupanga kiwango cha riba, badala ya ile 585,000 iliyoandikwa kwenye mkataba.

Kama mwalimu mwenyewe alizikopa fedha hizo kutoka kwenye saccos ili amkopeshe fundi, riba anayoilipa saccos ni gharama ya kupata kipato hicho na inaweza kutolewa kwenye riba anayoipokea kabla ya kukokotoa kodi. Lakini lazima aonyeshe kwamba fedha zilizotoka saccos ndizo zilizokwenda kwa fundi. Mkopo wa saccos uliochanganywa na matumizi ya nyumbani hautampa nafasi hiyo.

Kufika TRA

Mfanyakazi mwenye mwajiri mmoja, asiye na kipato kingine, kwa kawaida halazimiki kujaza ritani, kwa sababu kodi yake inakwisha kwa mwajiri. Akishapata riba ya rafiki, hali hiyo inabadilika. Ana kipato ambacho mwajiri hakijui, na jukumu la kukitaja ni lake.

Hatua zenyewe si nyingi. Hakikisha una TIN. Kuipata ni bure. Mtu mwenye kipato cha uwekezaji huwasilisha makadirio ya kodi ya mwaka ifikapo tarehe 31 Machi, na huilipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa mwalimu wetu, kama hakuna kodi ya zuio iliyokatwa, kila awamu ni shilingi elfu 36 na ushee. Mwaka ukiisha, anajaza ritani ya mapato ndani ya miezi 6, yaani ifikapo 30 Juni 2026 kwa mapato ya 2025, akitaja mshahara, riba, kodi aliyokatwa na mwajiri na kodi ya zuio. Ukichelewa, adhabu na riba ya kodi yenyewe huanza kuhesabiwa. Kama hii ni mara yako ya kwanza, nenda ofisi ya TRA ya wilaya yako mapema mwaka unapoanza, ukiwa na mkataba na jedwali la marejesho. Ukiwa na karatasi hizo mbili, ofisa anaweza kukusaidia. Bila hizo mtakuwa mnakisia.

Jambo moja zuri kwa mtu binafsi: kipato cha uwekezaji kinahesabiwa kwa fedha iliyokwisha kupokelewa. Riba ambayo rafiki anadaiwa lakini hajalipa haitozwi mwaka huu. Itatozwa mwaka atakaoilipa, na asipoilipa kabisa haitatozwa. Mkopo unaovuka mwaka unagawanyika vivyo hivyo: riba iliyopokelewa hadi 31 Desemba iko kwenye ritani ya mwaka huo, iliyobaki ni ya mwaka unaofuata.

Jambo baya nalo lijulikane. Rafiki akitoroka na deni la msingi, hasara hiyo haipunguzi kodi ya mshahara wako. Ni hasara yako peke yako.

Fedha inayorudi inaingia wapi kwanza?

Chukulia fundi amelipa vizuri miezi saba, kisha duka likaungua na hakulipa tena. Hadi hapo ametoa shilingi 3,972,500. Kwa ratiba ile, 3,500,000 zilikuwa za deni la msingi na 472,500 zilikuwa riba. Mwalimu amepoteza milioni 2.5 ya akiba yake, na bado riba aliyoipokea ina kodi ya 118,125, pamoja na ile ya zuio iliyokwisha kukatwa. Inauma, lakini ndivyo mkataba ulivyosema: kila rejesho lilikuwa na riba ndani yake.

Marafiki wanaoogopa jambo hilo wanaweza kupanga vingine tangu mwanzo: marejesho yote ya awali yalipe deni la msingi, na riba yote ilipwe mwishoni baada ya msingi kwisha. Kwa mpango huo, zile 3,972,500 zote zingekuwa fedha za mwalimu mwenyewe zinazorudi. Gharama yake ni kwamba mkopeshaji haoni faida yoyote mpaka mwisho.

Mipango yote miwili inakubalika. Kisichokubalika ni kuchagua baada ya mambo kuharibika. Ukiandika upya mkataba mwezi wa nane ili ufanane na kilichotokea, huku stakabadhi za miezi saba zinasema "riba ya Januari", "riba ya Februari", hutaeleweka TRA wala mahakamani. Na mkataba ukiwa kimya kabisa, hakuna anayejua fedha ipi ni ipi. Hapo unapoulizwa kuhusu karibu milioni nne zilizoingia kwenye simu yako kutoka kwa mfanyabiashara, ni wewe wa kuthibitisha kwamba sehemu kubwa haikuwa kipato. Huo ndio uzito mkubwa wa maandishi katika jambo la kodi: ndiyo yanayotenganisha mali yako na faida yako.

Mkataba wenyewe

Mkataba wa mkopo wa marafiki hauhitaji lugha ya mahakamani. Unahitaji kujibu maswali yatakayoulizwa siku mambo yakienda kombo. Sehemu yake ya kati inaweza kusomeka hivi:

"Mkopeshaji amempa mkopaji shilingi 6,000,000 (milioni sita) tarehe 2 Januari 2025 kwa njia ya benki. Mkopo ni wa kununua mashine ya kudarizi na vitambaa kwa biashara ya ushonaji ya mkopaji. Mkopaji atarudisha deni la msingi shilingi 500,000 kila tarehe ya mwisho ya mwezi, kuanzia Januari hadi Desemba 2025, pamoja na riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi ya salio la deni la msingi. Kila malipo yatalipa kwanza riba ya mwezi husika, kisha deni la msingi. Mkopaji atakata kodi ya zuio ya asilimia 10 ya riba, ataiwasilisha TRA na kumpa mkopeshaji cheti. Jedwali la marejesho limeambatishwa na ni sehemu ya mkataba huu."

Juu ya maneno hayo ziwepo taarifa za kila mmoja: majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, namba ya NIDA, TIN, mahali anapoishi na namba ya simu itakayotumika kulipa. Chini yake ziwepo sahihi za wote wawili, tarehe, na shahidi mmoja wa kila upande. Msaini kila ukurasa, nakala mbili, kila mmoja abaki na yake. Wengi hupeleka mkataba kwa wakili au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ukagongwe muhuri, na ni jambo jema, ila muhuri unathibitisha nani alisaini. Hautibu mkataba ambao haukusema riba inakokotolewaje. Muulize wakili pia kuhusu ushuru wa stempu, kwa sababu hati inayotakiwa kulipiwa ushuru huo na haikulipiwa inaweza kukataliwa mahakamani kama ushahidi mpaka ulipwe.

Jedwali la marejesho ni safu tano tu: tarehe, deni la mwanzo wa mwezi, riba, rejesho la deni la msingi, na deni lililobaki. Liandikeni pamoja mkiwa mmekaa meza moja. Rafiki akiona kwa macho yake kwamba mwezi wa kwanza anatoa 590,000, anaweza kusema hapo hapo kwamba hatoweza, na mkarefusha muda kabla fedha haijatoka.

Fedha zipite benki au kwenye simu, kwenda na kurudi. Taslimu haiachi alama. Kila rejesho liambatane na ujumbe unaoligawa: "Mwalimu, nimekutumia 581,000. Deni la msingi 500,000, riba ya Januari 90,000, kodi ya zuio 9,000 nimeikata, cheti kitafuata." Ujumbe wa namna hiyo ni ushahidi, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu maandishi ya simu kutumika mahakamani. Pakua taarifa ya miamala mara kwa mara na uihifadhi mahali pengine, kwa kuwa simu huibiwa. Weka mkataba, jedwali, taarifa za miamala na vyeti kwa angalau miaka 5, muda ambao sheria ya usimamizi wa kodi inakutaka utunze kumbukumbu zako.

Dhamana za kukwepa

Mitaani kuna desturi mbaya ya kumsainisha mkopaji mkataba wa mauziano: akikopa milioni 6, anaandika kwamba amekuuzia kiwanja au pikipiki yake kwa milioni 6, ili akishindwa uichukue bila maneno. Usifanye hivyo kwa rafiki. Karatasi hiyo inasema uongo kuhusu kilichotokea, na mahakama ikigundua kulikuwa na mkopo nyuma yake, utapoteza ulinzi ulioutegemea. Kwa upande wa kodi pia unajichongea: umesaini kwamba ulinunua mali, halafu unaeleza kwamba fedha zinazorudi kila mwezi ni marejesho ya mkopo. Vivyo hivyo kushika kadi ya benki na namba yake ya siri, mtindo wa mikopo ya kausha damu, ni kujiingiza kwenye matatizo.

Kushika hati ya nyumba nako hakukupi ruhusa ya kuiuza mwenyewe. Dhamana ya nyumba ina utaratibu wake wa kisheria, na kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenza inahitajika chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwa mkopo wa kiasi hiki, mdhamini mwenye kipato anayesaini mkataba huo huo ana faida zaidi kuliko hati iliyofungiwa kabatini.

Rafiki asipolipa, hilo ni shauri la madai, na polisi si wakusanya madeni. Deni la kiasi hiki hupelekwa mahakama ya mwanzo. Una miaka 6 ya kudai deni la mkataba tangu lilipopaswa kulipwa, na akilipa sehemu au akikiri deni kwa maandishi, hesabu ya muda inaanza upya. Kwa hiyo akikuomba umvumilie, mvumilie, lakini akuandikie kiasi anachodaiwa na tarehe mpya.

Mpaka mwingine ni huu: ukianza kukopesha huyu na yule kwa riba, mwaka hadi mwaka, umeacha kumsaidia rafiki na umeingia biashara ya kukopesha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka leseni kwa biashara hiyo, hata kwa mtu mmoja anayekopesha fedha zake.

Kabla ya kutuma fedha, basi, kaa na rafiki yako mjibu mambo manne kwa maandishi: mkopo ni wa nini, riba inakokotolewa juu ya nini, kila rejesho linaingia wapi kwanza, na nani anapeleka kodi gani. Kama maswali hayo manne yanakuwia mazito kumuuliza, usimkopeshe kwa riba. Mpe bila riba kiasi unachoweza kukikosa, na hicho nacho mkiandike.